Mpinzani Anapoichafua Bidhaa Yako kwa Tangazo

Mwishoni mwa karne ya 19, mama wa Kiingereza aliyeingia katika duka la dawa la bwana White kununua chakula cha watoto cha Mellin alipewa chupa yake ikiwa katika karatasi yake ya kiwandani. Juu ya karatasi hiyo, hata hivyo, mwenye duka alikuwa amebandika kijikaratasi chake. Kilimshauri mteja ajaribu chakula cha Dakta Vance, cha watoto na wagonjwa, kwa kuwa kina lishe na afya zaidi kuliko chakula kingine chochote cha aina hiyo kilichowahi kuuzwa. Chakula cha Vance kilikuwa mali ya White mwenyewe. Tangazo la mpinzani lilikuwa limepanda juu ya chupa ya Mellin na kwenda naye mpaka jikoni kwa mteja.

Mellin alishtaki. Wataalamu wake walieleza kuwa chakula cha Vance kilikuwa na wanga ambao mtoto wa chini ya miezi 6 hawezi kuumeng'enya, kwa hiyo kumpa mtoto mchanga chakula hicho ni kumdhuru. Kesi ilipanda mpaka Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo. Mwaka 1895 Mellin akashindwa.

Sababu zilizomshinda zinafaa kujulikana na kila mwenye kiwanda au duka. Kwanza, White alikuwa anasema tu kwamba chake ni bora kuliko cha wengine wote. Majaji waliona kuwa wakianza kupima majigambo ya namna hiyo, kila mwuzaji atafungua kesi ili jaji amtangazie kuwa bidhaa yake ndiyo ya kwanza, na mahakama itageuka kuwa wakala wa matangazo. Pili, ushahidi wa Mellin ulihusu watoto wachanga, ilhali kijikaratasi kilizungumzia watoto na wagonjwa kwa ujumla, kwa hiyo uongo wa kauli yenyewe haukuthibitishwa. Tatu, Mellin hakuonyesha kwamba amepoteza hata mteja mmoja.

Habari hii si ya Waingereza peke yao. Sheria ya Kenya inaziruhusu mahakama zake kutumia misingi ya sheria isiyoandikwa ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na ya Tanzania Bara inarejea tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri misingi hiyo inavyoafikiana na mazingira yetu na sheria zetu zilizotungwa. Hukumu ya 1895 iko nyuma ya tarehe zote mbili. Mfanyabiashara wa Nakuru au wa Mwanza anayefungua dai la zamani, lile wanasheria wanaloliita uongo wenye nia ovu, hupita katika mlango uleule uliomshinda Mellin. Lazima aonyeshe kauli ya uongo kuhusu bidhaa yake, aonyeshe kuwa aliyeisema alijua si kweli au hakujali, na aonyeshe kuwa imemtia hasara.

Tuchukue mfano wa kubuni tuone mlango huo unavyopitika. Mwenye kiwanda cha kusaga mahindi Morogoro anauza sembe yake kwa mawakala wa Dodoma na Dar es Salaam. Asubuhi moja wakala anamtumia picha ya kipeperushi kinachosambazwa sokoni. Kina safu mbili: upande mmoja unga wa kiwanda pinzani, upande wa pili unga wake, kwa jina na picha ya mfuko. Chini yake zimeandikwa takwimu za sumukuvu. Unga wa mpinzani una mikrogramu 2 kwa kilo, wake una 34. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu jumla ya sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi au unga. Kipeperushi kinamalizia kwa kuuliza mama anataka kuwalisha nini wanawe.

Huu si mchezo. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha kwa mkupuo chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, na tangu siku hiyo neno hilo linatosha kumfanya mteja arudishe mfuko rafuni.

Hapa kuna tofauti kubwa na kijikaratasi cha White. Mpinzani angeandika kwamba unga wake ni mtamu kuliko wote nchini, hakuna mahakama ingemsikiliza mlalamikaji, kwa kuwa utamu haupimwi na kila mtu anajua muuzaji husifu chake. Lakini 34 ni namba, na namba inaweza kuwa kweli au uongo. Mwaka 1975 mahakama ya Uingereza ililiweka jambo hili wazi katika kesi ya kampuni ya De Beers, iliyokuwa ikiuza unga wa almasi wa kukatia zege uitwao Debdust. Mpinzani wake alisambaza kijitabu kilichojionyesha kama ripoti ya majaribio ya maabara, kikidai bidhaa yake MBS-70 inaishinda Debdust. Jaji alikataa kuifuta kesi. Kipimo alichokitumia kilikuwa chepesi kukumbukwa: je, mtu mwenye akili timamu angeichukulia kauli hiyo kwa uzito, au angeona ni majigambo ya sokoni tu? Anayevaa koti la maabara ili aaminiwe hawezi baadaye kusema alikuwa anatania. Hukumu ile ni ya nje ya tarehe zetu za mapokezi, kwa hiyo haizifungi mahakama zetu. Hata hivyo zinaruhusiwa kushawishika nayo.

Sasa mwenye kiwanda wetu afanye nini? Kitu cha kwanza ni kile ambacho wengi hukiruka kwa hasira. Aupime unga wake mwenyewe, kimyakimya, kabla ya kumwandikia mtu barua. Ikiwa kweli unga una 34, kesi haipo, na kuifungua ni kuutangazia umma kile ambacho kipeperushi kiliwaambia watu wachache. Upimaji wenyewe una mtego. Sumukuvu haitapakai sawasawa katika mahindi. Punje chache zilizoota ukungu zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, na ingawa kusaga huchanganya kiasi, shehena ya leo si ya wiki iliyopita. Mfuko mmoja wa kilo 2 hauwezi kuzungumza kwa niaba ya kiwanda kizima. Kwa hiyo achukue mifuko ya tarehe tofauti za uzalishaji, ainunue madukani kwa risiti mbele ya mtu asiye mfanyakazi wake, aifunge kwa lakiri, kisha aipeleke katika maabara yenye ithibati.

Mtego huohuo ndio udhaifu wa mpinzani. Barua ya madai imtake aonyeshe ripoti aliyoitegemea: sampuli ilinunuliwa wapi na lini, ilikuwa mifuko mingapi, ina namba gani ya shehena, nani aliipima. Akijibu kwamba alipima mfuko mmoja, au asijibu kabisa, ule ugumu wa kuthibitisha nia ovu unaanza kulainika. Nia ovu katika dai hili haina maana ya chuki tu. Mtu anayesema jambo zito bila kujali kama ni kweli anaingia humohumo. Akiendelea kugawa vipeperushi baada ya kuletewa matokeo ya maabara yanayompinga, amejitengenezea ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Hasara ndiyo inayowakwamisha wengi. Mfanyabiashara huja mahakamani akisema mauzo yameshuka, na wakili wa upande wa pili humwuliza kwa upole kama hayashuki kila mwaka baada ya mavuno, watu wanapokuwa na mahindi yao nyumbani. Jibu linatoka katika vitabu vya hesabu. Alinganishe mauzo ya mwezi huu na ya mwezi huohuo miaka iliyopita. Alinganishe pia soko lililopata kipeperushi na soko ambalo hakikufika. Ikiwa Dodoma pameporomoka na Dar es Salaam pako palepale, hoja ya mavuno inakufa. Wakala aliyefuta oda na kueleza kwa maandishi kuwa wateja wanaukataa unga kwa sababu ya kipeperushi ana thamani kuliko kurasa 10 za malalamiko. Kenya imelegeza sharti hili katika sheria yake ya kashfa, kwa kufuata badiliko la Uingereza la 1952: maneno yakiwa yamechapishwa na yakiwa ya namna inayoelekea kumtia mtu hasara ya fedha, mlalamikaji halazimiki kutaja kila shilingi iliyopotea ili asikilizwe. Hata huko, mwenye hesabu hupata zaidi.

Wakati hesabu zinakusanywa, kipeperushi kinaendelea kusambaa, na hapa ndipo zuio la muda linapohitajika. Nchini Tanzania mahakama hufuata kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969, na Kenya ile ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973. Zote mbili zinauliza karibu mambo yaleyale: je, kuna hoja nzito ya kusikilizwa, je, mwombaji atapata madhara ambayo fedha haziwezi kuyaponya, na kati ya wawili hawa nani ataumia zaidi amri ikitolewa au ikinyimwa. Jina la chakula likishahusishwa na sumu, swali la pili huwa na jibu zuri. Lakini mwombaji asubiri miezi mitatu ndipo akimbilie mahakamani kwa dharura, jaji atashangaa dharura hiyo ilikuwa imelala wapi. Picha za simu nazo zitunzwe vizuri, pamoja na simu iliyozipokea, tarehe na jina la aliyezituma, kwa maana nchi zote mbili zina masharti ya kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki, na picha iliyorushwa kundi hadi kundi bila asili yake hupingwa kirahisi.

Mpaka hapa tumezungumzia uongo wa moja kwa moja. Matangazo hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni yale ambayo kila namba ndani yake ni ya kweli. Mfano bora ninaoujua unatoka Ufaransa, na unaihusu kampuni ambayo wakazi wa Nairobi wanaijua kwa maduka yake. Desemba 2012 Carrefour ilianza matangazo ya televisheni yaliyolinganisha bei za bidhaa 500 za chapa maarufu na bei za wapinzani, Intermarché wakiwemo, huku ikiahidi kumrudishia mteja mara mbili ya tofauti akipata bei nafuu kwingine. Bei zilizotajwa zilikuwa za madukani kweli. Ila kuanzia tangazo la pili, maduka ya Intermarché yaliyochaguliwa yalikuwa yote ya ukubwa wa kati, ilhali ya Carrefour yalikuwa yale makubwa kabisa, ambayo kwa kawaida huuza kwa bei ya chini. Maelezo ya tofauti hiyo yaliwekwa kwa herufi ndogo.

Kampuni ya Intermarché ilishtaki, na mwisho wa 2014 mahakama ya biashara ya Paris iliamuru ilipwe yuro 800,000. Suala lilipofika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, jibu la Februari 2017 lilikuwa kwamba kulinganisha maduka ya ukubwa tofauti hakujakatazwa, lakini mtangazaji asipomweleza mteja waziwazi, ndani ya tangazo lenyewe, kwamba maduka si ya aina moja, anaweza kuwa amempotosha. Angalia vizuri: hakuna aliyehitaji kuthibitisha bei ya uongo hata moja. Kilichohukumiwa ni picha inayobaki kichwani mwa mnunuzi.

Kwa dai la kale la Mellin, tangazo kama hilo lingepita salama, kwa kuwa kauli ya uongo haipo. Ndiyo sababu mlalamikaji wa Tanzania anapaswa kuisoma Sheria ya Ushindani ya 2003. Kifungu cha 15 kinamkataza mtu yeyote, katika biashara, kufanya jambo linalopotosha au kudanganya, au linaloelekea kupotosha au kudanganya. Hakitaji nia ovu. Hakimtaki mlalamikaji aonyeshe neno lililo uongo, mradi tangazo zima linampeleka msomaji kwenye imani isiyo sahihi. Maneno yake yamefanana sana na ya sheria ya Australia ya 1974, na huko wafanyabiashara wameyatumia kwa miongo mingi kupambana na wapinzani wao, ingawa mtu akisikia yanavyosomeka hudhani yametungwa kwa ajili ya mlaji tu. Kifungu cha 16 kinaongeza kauli mahususi zilizokatazwa, kama zile kuhusu ubora wa bidhaa. Kenya ina kifungu cha 55 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinachofanya kazi ya namna hiyo, chini ya Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Turudi Morogoro. Tuseme mpinzani alikuwa mjanja, akapima mfuko mmoja wa jirani yake uliokutwa umelowa dukani, ukatoa 34 kweli, naye akachapisha. Namba si uongo. Kilichofichwa ni kwamba ni mfuko mmoja, wa shehena moja, uliohifadhiwa vibaya na muuzaji wa rejareja. Mahakamani, kwa njia ya uongo wenye nia ovu, kazi itakuwa ngumu. Mbele ya Tume ya Ushindani, swali ni jingine: je, msomaji wa kipeperushi ataamini kuwa unga wa kiwanda hiki kwa kawaida una sumu? Tume inaweza kuamuru tabia hiyo ikome, na aliyepata hasara anaweza kuiomba amri ya fidia. Asiyeridhika hukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Mlalamiko usiandikwe kama kilio cha kunyang'anywa wateja. Tume haiko pale kumlinda mtu dhidi ya ushindani, na bei ya chini ya mpinzani si kosa. Uandikwe kueleza mnunuzi amepotoshwa nini, kwa maneno gani, na ukweli ni upi, kisha vifuate vielelezo.

Kuna msingi wa kimataifa nyuma ya haya yote. Mkataba wa Paris wa kulinda mali ya viwanda, ambao Tanganyika ilijiunga nao 1963 na Kenya 1965, unazitaka nchi wanachama zitoe ulinzi dhidi ya ushindani usio wa haki, na unataja wazi kauli za uongo zinazoharibu sifa ya mshindani. Ni hoja nzuri ya kuikazia mahakama, lakini isiwe mguu pekee wa kusimamia.

Limebaki jambo moja ambalo nadhani sheria ya Kenya inalikosea. Mwaka 1934 Waingereza waliamua kuwa mwuzaji wa vidonge vya hamira anaweza kuandika kwamba vyake ni mbadala wa Yeast-Vite bila kuvunja haki ya alama hiyo, kwa kuwa hakudai kuwa vyake ndivyo Yeast-Vite. Wenye chapa kubwa hawakufurahi. Sheria ya alama za biashara ya 1938 ikaandikwa upya, na 1940, katika kesi ya Bismag, muuza dawa aliyechapisha jedwali la bei, majina ya dawa za chapa upande mmoja na dawa zake nafuu upande wa pili, akaonekana amevunja alama. Hakuna aliyesema jedwali lake lilidanganya. Uingereza yenyewe iliachana na msimamo huo 1994. Kenya, ambayo sheria yake ya alama za biashara ilichukua mfano wa ile ya 1938, bado ina kifungu kinachomzuia mpinzani kutumia katika tangazo alama iliyosajiliwa kwa namna inayomrejelea mwenye alama.

Kwa aliyeumizwa, hiyo ni silaha kali: akiwa na cheti cha usajili, hahitaji kuthibitisha uongo, nia ovu wala upotoshaji. Kwa mnunuzi wa kawaida ni hasara, maana jedwali la kweli la bei, lenye majina, ndilo tangazo lenye manufaa kuliko yote anayoonyeshwa. Bunge likiigusa sheria hiyo, lianzie hapo. Mpaka siku hiyo ifike, anayetaka kulitaja jina la mpinzani katika tangazo Nairobi au Mombasa, hata kwa ukweli mtupu, amwone wakili kabla ya kumwona mchapaji.